Bia Ngapi, Soda Ngapi: Kupiga Hesabu ya Vinywaji vya Harusi Yenye Wageni wa Kila Aina

Kikao cha tatu cha kamati, mwenyekiti anauliza vinywaji vimefikia wapi. Mtu mmoja wa nyuma anajibu bila kupepesa macho: "Watu 250, kila mtu bia tatu na soda moja. Tumemaliza." Mhazini anaandika, kikao kinahamia kwenye keki.

Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, na usiku wa harusi yenyewe nilikuwepo ukumbini. Ilipofika saa 3 soda zilikuwa zimekwisha. Shangazi zake bibi harusi, waliosafiri kwa basi kutoka Tanga, walikuwa na maji tu mezani, huku nyuma ya kaunta makreti ya bia yamepangwa hadi usawa wa kifua. Usiku ule hakuna aliyesema neno. Maneno yalikuja wiki iliyofuata kutoka upande wa mke, kwamba wao waliitwa kuja kutazama wenzao wakinywa.

Chupa hazikuwa chache. Chupa 1,000 kwa watu 250 ni nyingi. Kosa lilikuwa kudhani yupo mtu anayeitwa "kila mtu". Asiyekunywa bia hanywi hizo tatu, hanywi hata moja, na fungu lake la bia haligeuki soda kwa sababu tu limebaki. Ndiyo maana harusi ya watu wa mchanganyiko hupigiwa hesabu ya wanywaji wa kila kundi kwanza, chupa baadaye.

Nitaeleza njia ninayotumia kwa kupitia harusi moja ya Dar es Salaam ambayo vinywaji vyake nilivisimamia mimi. Bwana harusi ni Mchaga, ukoo wake wengi Wakatoliki na Walutheri, na walokole hawakosekani. Bibi harusi ni wa Tanga, kwao Waislamu ndio wengi. Ongeza wafanyakazi wenzao na marafiki wa chuo. Mchanganyiko wa kawaida kabisa wa mjini.

Hatua ya kwanza: kadi zigeuke watu

Usianze na "watu kama 250 hivi". Mwombe mtunza kadi daftari lake. Sisi tulikuwa na kadi za dabo 120 na za singo 40, yaani watu 280 kwenye karatasi. Sio wote wanaokuja. Wapo waliochangia kwa heshima wakiwa mikoani, wapo watakaouguliwa, na wapo wenye dabo watakaokuja peke yao. Mimi hupunguza mmoja katika kila kumi, ikabaki 252, nikafanya 250.

Kupunguza huku kunafaa tu kama mlangoni kadi zinakaguliwa. Kama mlango ni wa kuingia yeyote aliyevaa suti, wazamiaji watajaza nafasi za wasiokuja na kuzidi. Mzamiaji naye hanywi maji. Kwa mlango wa hivyo acha namba ya kadi kama ilivyo.

Halafu kuna watu wasio na kadi ambao watakunywa tu: mshereheshaji na msaidizi wake, watu wa muziki, wapiga picha, wapambaji waliobaki, walinzi, madereva wa msafara. Kwetu walikuwa 20. Wawekee maji na soda kwenye hesabu, la sivyo watachukua za wageni.

Hatua ya pili: majina, jina kwa jina

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Chukua orodha ya waalikwa, kaa na mtu mmoja mzima wa kila upande. Usikae na maharusi, kwa sababu maharusi hawajui wajomba zao wanakunywa nini siku hizi. Kwetu upande wa mke alikaa mama mdogo wa bibi harusi, upande wa mume kaka yake mkubwa. Kila jina linapata herufi moja: B kwa bia, M kwa mvinyo, K kwa kinywaji kikali, S kwa soda na wote wasiogusa kilevi.

Ilituchukua jioni nzima na ilistahili. Nilikuwa nimemwekea B mzee mmoja kwa kumkumbuka miaka ya nyuma, kaka mtu akacheka: "Huyo ameokoka tangu mwaka juzi. Ukimpelekea bia atakuombea palepale mezani." Mama mdogo naye alinifundisha nisichokitarajia, kwamba vijana 10 wa upande wao wanakunywa, ila hawatakunywa wakiwa meza moja na baba zao. Tukawapangia meza karibu na marafiki wa bwana harusi, mbali na wazee, na herufi B zao zikawa za kweli. Wangeachwa meza ya ukoo wangekunywa soda kwa adabu, kisha baada ya saa 4 waende kujazana nyuma ya ukumbi.

Mtu usiyemjua mwekee S kama ni wa umri mkubwa, B kama ni kijana wa kiume. Dada ambaye huna uhakika naye nitamrudia kwenye mvinyo.

Tulipata hivi. Upande wa mke watu 90: S 80, B 10. Upande wa mume watu 100: B 55, M 10, K 5, S 30. Marafiki na wa kazini watu 60: B 30, M 12, K 3, S 15. Jumla bia 95, mvinyo 22, vikali 8, na wasiokunywa kilevi 125. Nusu kamili ya ukumbi haigusi pombe. Ndani ya kamati, ambamo wanaume sita kati ya wanane tulikuwa wanywaji wa bia, hakuna aliyelitegemea hilo. Kamati hujihesabu yenyewe, ikadhani imehesabu wageni.

Hatua ya tatu: saa za kunywa

Kadi inasema saa 12 jioni. Watu wanaanza kukaa saa 1. Maharusi wanaingia saa 2 wakiwahi, saa 3 wakinogewa na picha ufukweni. Ukumbi unazima muziki saa 6 usiku. Kwa hiyo saa za kunywa ni 5, tangu wageni wanapokaa hadi wanapotolewa.

Unywaji hauendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza mtu amefika na joto na kiu, tumbo halina kitu, anamaliza chupa na kuomba ya pili. Chakula kikija anapunguza. Muziki wa kucheza ukianza anarudi. Kwa sherehe ya saa 5 mnywaji wa bia namwekea chupa 4 za nusu lita, na 5 kama ni zile chupa ndogo. Wapo watakaokunywa 7, wapo watakaoshika moja usiku kucha kwa sababu wanaendesha gari. Kwenye kundi la watu 95 hawa wanafidiana. Kwenye kundi la watu 10 hawafidiani, kwa hiyo karamu ndogo huhitaji nyongeza kubwa zaidi kwa kila kichwa.

Jambo la kuamua mapema ni kama bia zitatoka kabla ya maharusi kuingia. Kamati nyingi hutoa maji na soda tu mpaka maharusi wakae. Ukifanya hivyo wanywaji wa bia nao wataanza na soda, na hiyo soda lazima iwe kwenye hesabu. Usipofanya hivyo, kila saa maharusi wanayochelewa ni karibu chupa moja zaidi kwa kila mnywaji. Kwetu ingekuwa bia 95, makreti 4, yamekwenda kabla ya keki kuonekana.

Hatua ya nne: chupa zenyewe

Bia. Wanywaji 95 mara chupa 4 ni 380.

Soda. Hapa ndipo pa kuwa mkarimu. Mtu wa soda katika saa 5 anakunywa 3 za kawaida, zile za mililita 300 au 350. Watu 125 mara 3 ni 375. Wanywaji wa pombe wote 125 nawawekea nusu soda kila mmoja, kwa maana mmoja katika wawili ataanza nayo: 63. Wa vikali wanahitaji za kuchanganyia, 2 kila mmoja: 16. Wafanyakazi 20, mbilimbili: 40. Jumla 494.

Kama mnatoa juisi wakati wa chakula, gilasi ya mililita 200 kwa watu 250 ni lita 50. Kila mtu wa soda mpunguzie moja, usimpunguzie zaidi. Juisi nzito huleta kiu, na mtu aliyekunywa juisi ya embe huomba maji au soda baada ya robo saa.

Maji. Chupa 2 za nusu lita kwa kila mtu, pamoja na wafanyakazi: watu 270, chupa 540. Kwa Dar es Salaam sijawahi kujuta kwa kiasi hicho. Utaambiwa chupa kubwa za lita moja na nusu ni nafuu, na ni kweli, lakini zinataka gilasi ya ziada kwa kila mtu, na nusu ya watu hawapendi kushiriki chupa. Chupa ndogo mtu akiinuka kucheza anaondoka nayo.

Mvinyo. Chupa ya mililita 750 inatoa gilasi 5 za kawaida. Wanywaji 22 mara gilasi 4 ni 88, chupa 18. Sasa turudi kwa dada wale usio na uhakika nao. Mvinyo una tabia ambayo bia haina: ukionekana mezani unapata wanywaji wapya. Dada aliyeandikwa B akiona mwenzake ana gilasi ya mvinyo mtamu mwekundu naye anaomba. Hata wa S wawili watatu huonja. Kwa hiyo nikaongeza 4, zikawa 22. Na nunua mtamu kwa wingi. Mvinyo mkavu ni wa watu wachache sana kwenye harusi zetu, nao utawaona wenyewe wanauliza. Kwetu 16 zilikuwa tamu nyekundu, nyingi za Dodoma, na 6 ndizo zilikuwa nyeupe na kavu. Ile ya boksi la lita 5 inatoa gilasi 33, ni nzuri kwa kaunta, ila mezani haina sura ya harusi.

Vikali. Chupa ya mililita 750, mzinga wenyewe, inatoa toti 25 za mililita 30. Watu 8 mara toti 5 ni 40, mizinga 2. Vikali vitoke kaunta kwa toti, usiweke mzinga mezani. Ukiuweka mezani watu 8 watakuwa 20, na mshereheshaji atapata kazi ambayo hakulipwa.

Shampeni sihesabu kwa mgeni kwa sababu ni ibada ya dakika kumi. Chupa moja inatoa gilasi 6 za kugonganisha. Meza kuu na wazazi wa pande mbili kwetu walikuwa 16. Nilinunua 2 zenye kilevi kwa wale 10 wanaokunywa, na 2 zisizo na kilevi kwa wazazi wa bibi harusi na walokole. Zina povu, zinalia zikifunguliwa, na kwenye picha huwezi kuzitofautisha. Kilichobaki kwenye chupa hizo kiliishia kwa wasimamizi.

Kama wazee wa upande wa Kilimanjaro wanaleta mbege, mpunguzie kila mzee atakayekaa nayo chupa moja ya bia, basi. Ndoo ya lita 20 ni vikombe 40 vya nusu lita, lakini nusu ya wanaovipokea wanaonja kwa heshima na kurudi kwenye bia yao. Mbege inaendelea kuchacha njiani, kwa hiyo ipangiwe kufika siku yenyewe, na chombo kisifungwe kikakaza.

Hatua ya tano: nyongeza iwekwe pa kuwekwa

Ongeza asilimia 10 kwa kundi zima la bia na asilimia 10 kwa kundi zima la soda. Usiongeze kwa kila aina. Mtu anayependa Safari ikikosekana atanung'unika kidogo kisha atachukua Kilimanjaro. Anayependa Fanta atachukua Spraiti. Lakini hakuna anayevuka kutoka soda kwenda bia kwa sababu soda imekwisha. Ndani ya kundi watu wanabadilishana, kati ya makundi kuna ukuta. Ukitaka akiba kwa kila chapa peke yake utajikuta umenunua makreti sita ya ziada kulinda kitu ambacho wageni wenyewe wangekimaliza kwa kuguna.

Maji sikuongeza, kiwango chake tayari ni kikubwa. Mvinyo tumeshauongeza.

Bia 380 zikawa 418. Kabla ya kugeuza kuwa makreti muulize wakala kreti ya aina unayotaka ina chupa ngapi, maana kuna za 20 na kuna za 25, na hapo ndipo hesabu nzuri huharibika kwa kudhani. Zikiwa za 25 unachukua makreti 17, zikiwa za 20 unachukua 21. Zetu zilikuwa za 25. Soda 494 zikawa 543, na kreti ya soda ina 24, kwa hiyo makreti 23. Maji 540 kwa katoni za chupa 12 ni katoni 45.

Mgawanyo wa aina uliza kwenye ile jioni ya majina, swali dogo tu: "Kwenu wanapenda nini?" Sisi soda tuligawa hivi: Koka 7, Fanta ya chungwa 5, Spraiti 4, pasheni na nanasi 3, tangawizi 3, isiyo na sukari 1. Hiyo kreti moja ya mwisho watu wa kamati waliipinga. Ilikwisha yote. Kwenye ukumbi wowote wenye wazee wapo wenye kisukari, na wengi hawatasema.

Hatua ya sita: wakala, na neno "mali kauli"

Kabla ya wakala kuna ukumbi. Kumbi nyingine zinauza vinywaji vyenyewe na haziruhusu cha nje. Hapo hesabu yako inakuwa kikomo cha kuandikisha kaunta: bia zikifika 418 waje wakuulize, wasiendelee kufungua. Nyingine zinaruhusu cha nje kwa ada, na ada inaweza kuwa ya jumla au ya kila chupa. Ya kila chupa inakula faida ya kununua jumla haraka sana, kwa hiyo ijue kabla ya kulipa chochote.

Ukinunua mwenyewe, tafuta wakala wa jumla atakayekubali mali kauli, yaani uchukue mzigo sasa na kulipa baadaye, au walau akubali kupokea kinachobaki. Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi ya mauzo, yajibu mambo matatu. Je, anapokea kreti iliyojaa tu, au hata chupa moja moja? Dhamana ya chupa na makreti matupu ni kiasi gani, na chupa iliyovunjika inakatwaje? Na mwisho wa kurudisha ni lini?

Kisha kuna mtego ambao huwezi kuujua mpaka ukukute. Chupa iliyolala kwenye maji ya barafu usiku kucha, lebo yake inalowa na kubanduka. Wakala wengi hawaipokei, hata kama haijafunguliwa, kwa sababu naye hawezi kuiuza. Kwa hiyo usitumbukize bia zote kwenye barafu kwa mkupuo. Anza na nusu, nyingine zikae kwenye makreti yake, pakavu, na ziingie kadiri zinavyohitajika. Mara moja niliwahi kurudi na makreti matano yenye chupa zisizo na lebo, wakala akayatazama, akanitazama mimi, akaendelea kunywa chai yake.

Hatua ya saba: barafu na majaba

Kama ukumbi hauna majokofu ya kutosha, weka kilo 1 ya barafu kwa kila mgeni. Inaonekana nyingi, lakini chupa ya bia iliyokuwa kwenye joto la Dar es Salaam inakula takriban theluthi ya kilo mpaka ipoe vizuri, ukihesabu na inayoyeyuka bure. Barafu peke yake inapoza polepole kwa sababu inagusa chupa sehemu chache. Mimina maji kwenye jaba mpaka yafike shingo za chupa, na bia inakuwa tayari kwa chini ya saa moja. Anza saa 11 jioni, usingoje wageni.

Majaba ya bia yawe tofauti na ya soda na maji. Hili tulilifanya kwa ombi la mama mdogo, na nimelishika tangu hapo. Wapo Waislamu ambao hawatakunywa soda iliyotolewa kwenye maji yaleyale yaliyolaza bia, na wana haki. Vivyo hivyo sinia: mhudumu wa meza za S asipite na sinia yenye bia na soda pamoja. Tulikuwa na wahudumu 12, watano wakapewa meza za upande huo tu, na hawakushika bia usiku wote. Hasara yake ni kwamba wakati wa chakula meza za bia zilikuwa na foleni kidogo. Ninaikubali hasara hiyo.

Hatua ya nane: usiku wenyewe

Akiba, yaani ile asilimia 10, ikae chumba kilichofungwa, ufunguo kwa mtu mmoja wa kamati asiyekunywa. Isitoke kabla ya saa 4. Kaunta ikijua kuna makreti ya ziada, bia mbili zinawekwa mbele ya mtu aliyeomba moja.

Mhudumu afungue chupa mbele ya mgeni, vizibo avirudishe kaunta kwenye ndoo, ndoo ya bia na ndoo ya soda. Kwanza vinazuia bia kutembea mlango wa nyuma, kwa kuwa chupa tupu bila kizibo chake inauliza swali. Pili, ndiyo mita yako.

Saa 3 usiku nenda ukahesabu. Sherehe iliyoanza saa 1 inatakiwa iwe imetumia karibu nusu. Kwetu vizibo vya bia vilikuwa 170 kati ya 380, tulikuwa salama. Soda zilikuwa 290 kati ya 494, zaidi ya nusu, kwa sababu maharusi walichelewa na tulikuwa tumezuia bia. Hapo sikushtuka, maana baada ya maharusi kuingia wanywaji wa bia waliacha soda. Ila nilimpigia wakala nimwambie asizime simu mpaka saa 4. Kama bia ndizo zingekuwa zimevuka nusu ningeagiza makreti 3 palepale, kwa sababu saa 5 usiku hakuna duka la jumla, kuna baa ya jirani tu na bei ya baa.

Ukiona kundi fulani linakwisha kabla ya wakati, angalia kwanza kama linanywewa au linafichwa. Inama utazame chini ya meza. Mtu mwenye wasiwasi kwamba bia zitakwisha huagiza tatu na kuziweka miguuni, na meza kumi za watu wa hivyo zinafanya bia ziishe kweli. Dawa yake ni mhudumu anayepita mara kwa mara. Mgeni akijua atarudi, haweki akiba.

Hesabu ya mwisho ifanyike usiku uleule kabla wahudumu hawajalipwa: zilizojaa, tupu, zilizovunjika. Asubuhi namba zinakuwa nyingine.

Sisi tulimaliza hivi. Bia zilinywewa 391 kati ya 425 zilizoingia. Soda 527 kati ya 552. Mvinyo ulibaki chupa moja, kavu, nyeupe. Mzinga mmoja ulibaki na robo. Maji yalibaki katoni 6. Chupa za bia 4 zilivunjika na tukakatwa dhamana. Jumapili mchana wakala alipokea kreti moja ya bia na moja ya soda, zote kavu, lebo zake safi. Bia 9 na soda 1 zilizokosa kreti alizikataa kama tulivyoandikiana, zikaenda kwa mwenyekiti zikisubiri siku ya kuvunja kamati.